Hiyo yenye diski nyingi si plau: kusoma picha ya vifaa vya trekta

(Niliongea haya na wakulima wa kikundi chetu huku Rongai, Nakuru, tukiwa tumekaa chini ya mti kando ya shamba la mahindi lililovunwa. Nimeyaandika vile nilivyoyasema, pamoja na maswali mawili niliyoulizwa.)

Wazee wangu, akina mama, vijana, asanteni kwa kunipa nafasi. Kila mtu afungue simu yake aangalie ile picha niliwatumia jana jioni kwa grupu, ile ya vifaa vinne vimepangwa mstari mmoja ukingoni mwa shamba na trekta imesimama kando. Niliwauliza swali moja tu, plau ni gani hapo. Walionijibu wengi walisema ya pili kutoka kushoto kwa sababu iko na diski nyingi, wengine wakasema ya tatu, ile ya diski nne kubwa. Aliyesema ya kwanza ni mama mmoja peke yake na ndiye alipata.

Sikuleta hii picha hivi hivi. Mnajua sasa hivi trekta tunakodi kwa simu, broka anakutumia picha, mnaelewana bei, unatuma pesa ya mafuta, kesho yake trekta inafika na kifaa kile kile cha kwenye picha, ukilalamika unaambiwa si nilikuonyesha. Na ni kweli alikuonyesha, wewe ndio hukujua unaangalia nini. Mimi nimeendesha trekta miaka mingi kabla nianze kurekebisha hivi vifaa, na shida hii naiona kila mwaka kuanzia Januari mpaka mvua ya Machi ianze.

Kuna jirani yangu ambaye alikuwa na eka tatu zilizolala miaka miwili, zimejaa sangari. Akatumiwa picha akaambiwa hii ni plau kubwa, diski ishirini, itamaliza shamba lako asubuhi moja. Akafurahi maana alifikiria diski ishirini ni kazi ya plau sita za diski tatu tatu. Trekta ikaja, kweli ikamaliza asubuhi moja, shamba kwa macho likaonekana jeusi na laini kabisa. Baada ya wiki mbili nikaenda na jembe nikachimba kidogo, juu udongo ulikuwa umeguswa kama sentimita nane hivi na chini yake ngumu kama barabara. Sangari nayo ilikuwa imekatwakatwa vipande, na mnajua kipande cha mzizi wa sangari ukikirudisha kwa udongo wenye unyevu kinaota, kwa hivyo pale alikuwa na mmea mmoja sasa ana kumi. Kilichokuja kilikuwa haro. Haro haina ubaya wowote, ubaya ni kuipeleka mahali plau haijapita.

Sasa turudi kwa picha. Mkiniuliza mimi naangalia nini kwanza, sihesabu diski, na rangi siangalii kabisa kwa sababu rangi inapakwa Jumamosi na kufikia Jumapili kifaa kinaonekana kipya. Mimi najiuliza, hiki kifaa kikitembea, udongo unaenda upande gani? Ukijibu hilo umeshajua kifaa, na picha karibu kila mara inakuonyesha.

Tuanze na cha kwanza kushoto, kile mama alisema. Diski tatu peke yake, kubwa. Vuta picha karibu uangalie kila diski imeshikwa na nini. Unaona kila moja iko na mguu wake mzito wa chuma unashuka kutoka kwa fremu, na beringi yake nyuma, hakuna kitu kinaunganisha diski moja na nyingine pale katikati. Tena hazijasimama wima, zimelala nyuma kidogo kama mtu ameegemea kiti, na zote tatu zimegeukia upande mmoja. Fremu yenyewe imekaa mshazari, diski ya kwanza iko mbele, ya pili imerudi nyuma na kusonga kushoto, ya tatu imerudi zaidi. Hivo ndivyo plau ya diski inavyokaa, kwa sababu kazi yake ni kuchukua udongo wa chini na kuugeuza upande mmoja tu, wa kulia, diski ya kwanza inachimba mfereji, ya pili inajaza mfereji wa kwanza na kufungua wake, hivyo hivyo mpaka ya mwisho inaacha mfereji wazi.

Hapo ndipo kuna alama ambayo naipenda kuliko zote. Ukisukuma udongo wote kulia, udongo nao unakusukuma kushoto, na nguvu hiyo si ndogo, inaweza kuburuta mkia wa trekta. Kwa hivyo plau ya diski lazima iwe na kitu cha kuizuia isiteleze, na hicho kitu ni lile gurudumu la chuma pale nyuma kabisa, jembamba, halina tairi, limeinama, mara nyingi liko na springi juu yake. Linatembea ndani ya mfereji na kujibana kwa ukuta wake. Angalieni picha, cha kwanza kinalo, cha pili hakina, cha tatu hakina. Ukiona diski chache kubwa na gurudumu moja la chuma limeinama nyuma, sema plau bila kuogopa.

Cha pili ndicho kile kilichomdanganya jirani yangu. Hesabuni mkitaka, mtapata diski ishirini, kumi mbele na kumi nyuma. Lakini angalia zimeshikwa na nini. Hapa diski haina mguu wake. Zote za mstari mmoja zimetungwa kwa shafti moja kama vile unatunga nyama kwa mshikaki, na katikati ya diski na diski kuna kipande cha chuma cha kuzitenganisha, kisha nati kubwa mwisho inakaza zote pamoja. Kwa hivyo zinazunguka pamoja, haiwezekani moja izunguke na nyingine isimame. Na zimesimama wima, hazijaegemea nyuma kama za plau.

Sasa ule mstari wa mbele na ule wa nyuma havijalala sambamba. Upande mmoja vimekaribiana, upande mwingine vimeachana, ukiangalia kutoka juu ni kama herufi V iliyolala. Mstari wa mbele unatupa udongo kulia, wa nyuma unaurudisha kushoto. Udongo unaenda na kurudi, kwa hivyo hakuna nguvu kubwa ya upande mmoja inayobaki na ndio maana haro haihitaji lile gurudumu la chuma. Mara nyingi pia mtaona zile za mbele zimekatwa meno ukingoni ili zishike mabua na nyasi, za nyuma ziko laini mviringo. Ziko haro zingine za mistari minne, miwili mbele miwili nyuma, zimekaa kama herufi X, hizo nazo ni haro tu, kanuni ni ile ile ya kwenda na kurudi.

Na mbona diski ishirini zisichimbe kushinda tatu? Fikirieni uzito. Uzito wa plau yote umegawanywa kwa diski tatu, na uzito huo ndio unazisukuma kuingia chini, kwa hivyo udongo ukiwa na unyevu kidogo unapata sentimita ishirini, ishirini na tano. Haro uzito wake umegawanywa kwa ishirini. Kwa shamba ambalo plau imepita inaingia kumi mpaka kumi na tano na inavunja mabonge vizuri sana, kwa shamba gumu lililolala inapanda juu tu na kukwaruza, kama vile ilimfanyia jirani.

Ukubwa wa diski nao unasaidia ukijua kuupima. Diski ya plau mara nyingi ni inchi 26, karibu sentimita 66. Ya haro ndogo iko kama inchi 20 mpaka 24. Kwa picha huwezi kuweka tepu lakini unaweza kulinganisha na rimu ya tairi la nyuma la trekta, chuma peke yake bila mpira. Namba ya mwisho iliyoandikwa kwa tairi ndiyo saizi ya rimu, tairi la 18.4-30 rimu yake ni inchi 30. Kwa hivyo diski ya plau inakaribia ile rimu, ya haro inabaki chini yake waziwazi. Lakini mchunge hapa, hii inafanya kazi tu kama kifaa kimefungwa kwa trekta na picha imepigwa kutoka ubavuni. Ikipigwa kutoka nyuma, kifaa kiko karibu na kamera kuliko tairi, na kila kitu kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Haya, cha tatu, ndicho kilichowagawanya. Diski nne, kubwa, kila moja na mguu wake. Ukifuata nilichosema kuhusu miguu utasema plau, na sikulaumu, hata mimi kwa picha mbaya ningesita. Lakini rudi kwa lile swali, udongo unaenda wapi. Angalia zile nne zimekaa mbili mbili. Katika kila jozi, moja imegeukia kulia na mwenzake kushoto, zinaangaliana. Mbele zimeachana na nyuma zimekaribiana, kama vile mtu anakusanya mahindi kwa viganja vyake viwili. Diski ya kushoto inaleta udongo katikati, ya kulia inaleta katikati, udongo unakutana unapanda juu na unapata tuta. Hiyo ni rija ya diski. Watu wa viazi vitamu wanaijua vizuri.

Alama yake ni hii, chora mstari wa kufikiria katikati ya kifaa kutoka juu mpaka chini. Rija nusu ya kulia ni kioo cha nusu ya kushoto. Plau haiwezi kuwa hivyo, maana plau inatupa upande mmoja. Na kwa sababu rija inasukuma pande zote mbili sawasawa, haina haja ya gurudumu la kuizuia, ndio maana hamlioni.

Rija ya kawaida zaidi haina diski kabisa. Ina ncha kama ya jembe mbele halafu mabawa mawili, moja kulia moja kushoto, inapasua udongo katikati na kuusukuma pande zote. Mwaka jana nilikuwa kule Muhoroni kwa ndugu yangu wa miwa, huko wana zile kubwa za kufungua mifereji ya miwa, ncha mbili tu kwa trekta nzima, kila ncha na mabawa yake, na nafasi ya zaidi ya mita moja katikati, wakati ya viazi au mahindi nafasi ni sentimita sabini na tano mpaka tisini na unaweza kupata ncha tatu kwa fremu moja.

Kuna kijana hapa nyuma ameuliza, sasa na ile plau ya mabawa isiyo na diski nitaitofautishaje na rija ya mabawa? Swali zuri sana. Plau ya bawa, sawa na ile ya ng'ombe mnayoijua, bawa lake ni moja, limepinda upande mmoja, na upande wa pili ni bapa, ni chuma kimenyooka cha kuteleza na ukuta wa mfereji. Rija iko na mabawa pande zote. Kuna moja tu ya kuchanganya, plau ya kugeuza, ambayo ina seti mbili za mabawa ili opareta akifika mwisho wa shamba aizungushe arudi bila kuzunguka. Ukiiona kutoka nyuma utaona bawa huku na bawa kule, lakini moja iko chini na nyingine iko juu hewani. Kwa rija mabawa yote mawili yako chini, kimo kimoja.

Cha nne hamkukosea hata mmoja, planta, kwa sababu mliona masanduku. Basi sitakaa hapo sana, ila mjue sanduku peke yake halitoshi. Kifaa cha kumwaga mbolea nacho kina tenki, lakini chini yake hakuna kinachogusa udongo. Planta lazima ifungue mstari, iangushe mbegu, ifunike, kwa hivyo chini ya kila sanduku tafuta bomba la kushusha mbegu, tafuta kisu au vidiski viwili vidogo vya kufungua udongo, na nyuma kagurudumu ka kukandamiza. Halafu utaona cheni kutoka kwa gurudumu linalotembea chini, hiyo cheni ndiyo inazungusha sahani ya mbegu ndani, trekta ikisimama mbegu nazo zinasimama. Planta hii ya kwa picha ni mistari miwili, masanduku manne, mawili ya mbegu na mawili ya mbolea.

Wale wa ngano upande wa Njoro na Mau Narok mtakuwa mnasema yetu haifanani hivi, na ni kweli, ya ngano ina sanduku moja refu kuvuka kifaa chote na mabomba mengi yamebanana, sentimita kama kumi na tano hivi kutoka moja hadi nyingine, kila bomba na kadiski kake. Kwa picha ya mbali, ikiwa imepigwa kutoka chini, vile vidiski vingi vinaonekana kama haro. Inua macho uangalie juu ya diski. Ukiona sanduku na mabomba, hiyo ni ya kupanda. Haro juu yake kuna fremu tu, wakati mwingine na mawe ambayo mtu ameongeza uzito.

Swali la pili limetoka kwa mzee pale, anasema picha anazotumiwa kifaa kiko kazini kimezama kwa udongo, diski hazionekani, afanye nini. Mzee, hapo soma trekta na soma udongo ulioachwa nyuma. Trekta inayovuta plau magurudumu yake ya kulia yanatembea ndani ya mfereji wa mzunguko uliopita, kwa hivyo trekta imeinama kulia, utaiona tu hata dereva amekaa upande. Nyuma yake udongo umelala mabonge makubwa yaliyogeuzwa, mizizi iko juu, na kuna mfereji wazi ukingoni. Trekta ya haro imekaa sawa, haijainama, na nyuma yake ni tambarare, mabonge madogo, mabua yamekatwa na kuchanganywa nusu juu nusu chini. Rija inaacha matuta na mifereji ya kupokezana. Planta inaacha shamba kama lilivyokuwa isipokuwa mistari myembamba iliyokandamizwa, na kama vipimo viko sawa mistari ya mahindi utakuta imeachana sentimita sabini na tano.

Lakini mimi singetuma pesa kwa picha ya kifaa kilichozama. Mwambie broka ainue kifaa hewani na mikono ya trekta, azime, aweke breki, apige picha mbili, moja kutoka nyuma katikati kabisa na nyingine kutoka ubavuni kimo cha goti. Ile ya nyuma itakuonyesha kama pande mbili zinafanana au la, ile ya ubavu itakuonyesha kama kila diski ina mguu wake au zimetungwa kwa shafti. Akikwambia haiwezekani kwa sababu kifaa kinavutwa na magurudumu yake, hakiinuki kwa mikono, basi hiyo nayo imekwambia kitu, huku kwetu kifaa kizito cha diski kinachovutwa kwa magurudumu yake karibu kila mara ni haro.

Jirani yangu mwaka huu alifanya hivyo. Alitumiwa picha, akaomba ya ubavuni, ikaja, akanionyesha. Miguu mitatu, gurudumu la chuma nyuma, diski zimeegemea. Tukaona pia diski ya mwisho ukingo wake umekula sana, imebaki ndogo kuliko zile mbili, nikamwambia hiyo itaacha ukanda haujalimwa vizuri kila mzunguko, mwambie aibadilishe kwanza. Jamaa akakubali, akaja na diski mpya. Ndiyo hiyo eka tatu mnaiona pale ng'ambo ya ua, imelimwa wiki ya pili ya Februari, mabonge bado ni makubwa na mizizi ya sangari imekauka juu na jua. Haro inakuja Jumanne.